Pudini ya Karameli Ikikataa: Soma Matundu, Maji na Mtikisiko

Pudini ya karameli ikiharibika haifichi sababu. Ipindue kwenye sahani, ikate katikati, na utaona mahali moto ulipozidi na mahali ulipopungua, mradi unajua pa kutazama. Ninazungumzia ile ya mayai halisi, maziwa na sukari, inayookwa kwenye oveni huku bakuli lake limekaa ndani ya maji ya moto. Kastadi ya unga wa kopo ni jambo jingine. Ile hushikwa na wanga wa mahindi na inastahimili kuchemka. Hii ya mayai haistahimili, na karibu kila tatizo lake linaanzia hapo.

Ili tuwe tunasema kitu kimoja, kipimo changu ni hiki: pakiti moja ya maziwa ya nusu lita, mayai 4 ya kawaida, sukari gramu 80, chembe ya chumvi, na vanila au iliki. Ya karameli ni sukari gramu 120 na vijiko 3 vya maji. Maziwa, mayai na sukari vikichanganyika hupata kama mililita 750. Kumbuka hiyo 750, kwa sababu ndiyo itakayotuambia pudini itakuwa na kina gani kwenye chombo chako.

Mchanganyiko wa namna hii huanza kushikana ukikaribia nyuzi 78 hadi 80. Ukipita nyuzi 85 protini za mayai hujikaza, zinakamua maji yaliyokuwa yameshikwa ndani yake, na pudini inakuwa chenga chenga. Kati ya kuiva na kuharibika, basi, kuna nyuzi kama tano tu. Oveni yenyewe ina nyuzi 150 au zaidi, na hakuna namna ya kuifanya oveni ya nyumbani ikae kwenye 80 kwa uhakika. Maji ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Yakiwa wazi ndani ya oveni hutoa mvuke mfululizo, na mvuke unapoondoka huondoka na joto, kwa hiyo maji hubaki chini ya kiwango cha kuchemka hata hewa iliyoyazunguka ikiwa moto mara mbili ya hapo.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuna wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo maji yakichemka ndani ya oveni si neno. Ni neno. Nyuzi 94 bado ziko mbali juu ya 85, na ukuta wa tini ukiguswa na maji yanayotokota utaharibu pudini ya Nairobi kama unavyoharibu ya Mombasa. Kinachobadilika ni kwamba hapa juu mapovu yanaanza mapema kidogo, na maji hupungua haraka kuliko unavyotazamia.

Matundu: kwanza tazama yako wapi

Hili ndilo lalamiko kubwa, na wengi hutibu ugonjwa usio wao. Kuna matundu ya aina mbili.

Ya kwanza ni ya povu. Ni madogo, ya mviringo, na yamejikusanya upande mmoja. Povu huelea, kwa hiyo wakati wa kuoka lilikuwa juu, na pudini ikishapinduliwa utayakuta upande wa chini, kwenye sahani. Sehemu nyingine yote ni laini na ladha ni nzuri. Sababu ni kupiga mayai kama ya keki. Pudini haitaki hewa: changanya mayai na sukari polepole, mchapo ukigusa chini ya bakuli muda wote, mimina maziwa ya uvuguvugu, chuja kwa kichungi cha chai, kisha uache mchanganyiko utulie robo saa. Povu litakalobaki juu liondoe kwa kijiko. Tatizo hili ni la sura tu, na halina uhusiano wowote na moto.

Ya pili ni matundu ya kuchemka. Haya yako kando, yameugusa ukuta wa tini, au yamejipanga upande uliokuwa chini. Mara nyingi ni marefu kidogo kama vijia vya mchwa, na ukiikata utaona maji yanatiririka kutoka ndani yake. Ulimini inakuwa na chenga na harufu ya yai iliyozidi. Hapa sehemu hiyo ya pudini ilipita nyuzi 85. Sukari haitairekebisha, wala vanila, wala kuiweka kwenye friji usiku kucha.

Mahali yalipo yanakuambia moto ulitokea upande gani. Yakiwa kwenye ukuta wa pembeni karibu na pale palipokuwa ukingo wa juu, maji hayakufika huko. Yakiwa pande zote kuanzia chini hadi juu, maji yenyewe yalichemka. Yakiwa upande uliokuwa kitako cha tini, tini ilikalia chuma chenye moto bila kizuizi. Hili la mwisho hutokea sana kwenye oveni za gesi, ambazo moto wake uko chini peke yake. Dawa yake ni kitambaa safi cha jikoni kilichokunjwa mara mbili, ukilaze ndani ya trei ya maji na kuweka tini juu yake. Kitambaa kimezama majini, hakiungui, bali angalia kisitoke nje ya ukingo wa trei kikakaribia moto.

Kosa jingine linalochemsha maji linatokana na nia njema: kufunika trei nzima kwa foili. Mvuke ukikosa pa kutokea, maji hayapozwi tena, na baada ya muda yanatokota. Ukitaka kufunika, funika tini ya pudini yenyewe kwa foili, uache maji yaliyoizunguka yakiwa wazi.

Pembeni matundu, katikati uji

Dalili hizi mbili zikija pamoja huwachanganya watu, kwa sababu moja inasema moto ulizidi na nyingine inasema haukutosha. Zote mbili ni kweli. Nitaeleza kwa pudini ya mama mmoja wa Pangani aliyeniita niitazame, maana ndani yake kuna karibu kila jambo linalohusu kina.

Alikuwa amezoea kipimo cha pakiti moja kwenye tini ya keki ya duara yenye upana wa sentimita 18, na ilikuwa ikimtokea vizuri. Siku hiyo alikuwa na wageni, akafanya pakiti mbili na mayai 8 ndani ya tini ileile. Alitumia trei nyeusi iliyokuja na jiko, akatia maji, akaweka oveni nyuzi 180 kwa kuwa pudini ni kubwa. Baada ya saa moja pembeni pameshikana, katikati panacheza kama chai. Akairudisha nusu saa zaidi. Ilipopoa na kupinduliwa, ukuta wote ulikuwa na matundu, maji yanavuja, na katikati palikuwa bado laini kiasi cha kubomoka.

"Mayai yalikuwa mabaya," aliniambia. "Nilinunua mengine, si yale ya siku zote."

Nikamwomba rula kabla ya kuzungumza habari za mayai. Tini ya duara ya sentimita 18 ikitiwa mililita 750, mchanganyiko unapanda sentimita 3 hivi. Ukitia lita moja na nusu unapanda 6. Kina kimekuwa mara mbili, lakini muda wa kuiva hauongezeki mara mbili, unazidi hapo, kwa sababu mchanganyiko huu hauzunguki kama supu. Joto linapenya taratibu kutoka ukutani kwenda katikati, na kadiri nje inavyoshikana ndivyo linavyozidi kuchelewa. Wakati wote katikati inapongoja, ukuta unaendelea kupikwa.

Halafu tukapima trei. Ile nyeusi ya jiko ina kina cha sentimita 3 tu, na alipotia maji asiyamwage njiani yalifika sentimita 2. Maana yake pudini ya sentimita 6 ilikuwa imekaa majini theluthi moja. Theluthi mbili za ukuta zilikuwa zinaguswa na hewa ya nyuzi 180 moja kwa moja, na tini ya alumini haina subira, inapitisha joto papo hapo. Yale matundu hayakutoka kwenye mayai.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na kina cha sentimita 6 na kukubali mwendo wake: oveni nyuzi 140 hadi 150, maji yafike angalau sentimita 4 kwenye ukuta wa tini, kitambaa chini, na muda wa saa moja na nusu au zaidi. Inawezekana, na pudini ndefu ni nzuri mezani, ila inadai oveni unayoiamini na stima isiyokatika. Ya pili ni kupunguza kina, na hiyo ndiyo ninayomshauri mtu yeyote mwenye oveni ya kawaida. Aligawa kipimo kilekile kwenye tini mbili za mkate, kila moja sentimita 22 kwa 11, na kina kikawa sentimita 3 na kidogo. Tini za mkate pia ni nyembamba, kwa hiyo katikati haiko mbali na ukuta.

Badala ya trei nyeusi tulichukua sufuria pana ya alumini. Sufuria zetu hazina mikono, zina ukingo tu, na hilo linazifanya ziingie kwenye oveni bila shida na kubeba maji ya kina chochote unachotaka. Tuliziweka tini mbili ndani yake juu ya kitambaa, tukaivuta rafu ya oveni nje kidogo, tukaweka sufuria hapo, ndipo tukamimina maji ya birika yaliyotoka kuchemka hadi yakafika usawa wa theluthi mbili za pudini. Oveni nyuzi 150. Tulipofika dakika 40 tulianza kuzitazama, na kabla ya saa kuisha zote mbili zilikuwa tayari, ukuta laini kama katikati. Mayai yalikuwa yaleyale aliyoyalaumu, yaliyobaki kwenye trei ya mayai.

Katika pudini ya kina cha sentimita 3 hadi 4, theluthi mbili ndicho kiwango cha maji ninachokishikilia. Nusu inatosha ikiwa oveni ni mpole. Chini ya nusu unajidanganya kwamba unaoka ndani ya maji. Na maji yaingie yakiwa ya moto. Ukitia ya bomba yenye baridi, oveni itatumia nusu saa ya kwanza kuyapasha, pudini itachelewa, nawe utaingiwa na wasiwasi na kuongeza moto, na ndivyo unavyoingia kwenye matundu kwa mlango wa nyuma.

Umeweka 150, lakini je, ni 150?

Ukifanya yote hayo na bado matundu yanarudi, shuku kitufe cha oveni. Oveni nyingi za majiko ya mchanganyiko, yale ya gesi juu na stima chini, hupishana na namba zake, na za gesi nyingine hazishuki chini ya 160 hata ukiweka kwenye alama ya mwisho. Kipimajoto cha kuning'iniza kwenye rafu ndicho dawa, na ni kidogo cha bei ukilinganisha na mayai unayotupa.

Kama huna, sukari nyeupe inaweza kukusaidia. Sukari safi huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja juu ya kipande cha foili katikati ya oveni iliyokwisha kupata moto kwenye alama ya 175, uiache robo saa. Ikiyeyuka, oveni yako inazidi namba inayosema, na alama ya 150 huenda ni 165 ya kweli. Ikibaki chembe chembe, panda hadi 190 na urudie. Isipoyeyuka hata hapo, oveni inapungua. Fanya hivyo kwa sukari nyeupe kabisa. Ile ya hudhurungi ya kawaida dukani ina mabaki ya molasi na haitakupa jibu safi.

Oveni inayozidi si lazima ubadilishe. Maji mengi zaidi, kitambaa chini, na tini katikati ya oveni badala ya karibu na moto, vitaifanya itumike. Ukiona mapovu yanapanda kutoka kitako cha sufuria, mwagia maji ya baridi kikombe kimoja pembeni, si juu ya pudini, kisha ushushe moto. Usingoje yatokote ndipo uamue.

Kuitikisa: lini utoe

Muda ulioandikwa popote ni wa kukuambia uanze kutazama saa ngapi, hauwezi kukuambia pudini yako imeiva. Kinachoambia ni mtikisiko, na unahitaji kutazamwa kwa makini kwa sababu hatua zake hufuatana upesi.

Fungua oveni, vaa glovu, na usukume ukingo wa sufuria ya maji kidogo sana, kisha uache. Usiinue tini. Tazama uso wa pudini baada ya mkono wako kutulia.

Ikiwa bado mbichi utaona wimbi. Linaanzia upande uliosukuma, linakwenda hadi upande wa pili na kurudi, na chini ya ngozi nyembamba ya juu unaona maji yanatembea. Funga, subiri dakika 10. Baadaye ukingo utashika kwanza, upana wa vidole viwili kutoka ukutani, na wimbi litabaki katikati tu. Bado. Funga, dakika 5.

Ikiwa tayari, hakuna wimbi tena. Ukingo umetulia kabisa, na sehemu ya katikati, upana wa kifuniko cha chupa ya jemu kwenye tini ya sentimita 18, inatetemeka kwa pamoja kama kitu kimoja kisha inatulia. Ndani yake hakuna kinachotiririka. Hapo toa. Ukiwa na kipimajoto cha kuchoma, katikati patasoma nyuzi 77 hadi 79.

Watu wengi hapa hushindwa kuamini. Wanaona inatetemeka, wanairudisha dakika 10 zaidi "ishike vizuri". Lakini pudini ikitoka kwenye oveni haiachi kupikwa. Nje yake ina joto kuliko katikati, joto hilo linaendelea kuingia ndani, na katikati itapanda nyuzi mbili tatu ikiwa juu ya meza. Kisha inapopoa inashikana zaidi. Pudini ambayo haitikisiki kabisa ikiwa ndani ya oveni tayari imepita.

Kuhusu kisu: kichome katikati ya ukingo na kitovu, si kwenye kitovu penyewe. Kikitoka kisafi hapo, imetosha. Ukichoma kitovuni na kikatoka kisafi, umechelewa kidogo. Mimi hutumia kisu kwa pudini iliyofunikwa foili, ambayo mvuke umeifanya ing'ae juu nisione vizuri. Nyingine zote natazama mtikisiko, kwa kuwa kisu kinaacha jeraha.

Ukiitoa inatetemeka ipasavyo, itoe majini mara moja uiweke kwenye waya. Ukiona umeiwahi kidogo, yaani sehemu inayotetemeka ni pana kuliko nilivyosema lakini haina wimbi, zima oveni na uiache ndani ya maji yaleyale juu ya meza kwa dakika 10. Ukiona umechelewa, iweke tini kwenye beseni la maji baridi sasa hivi. Hutarudisha kilichokwisha kuganda, ila utazuia kisizidi.

Bakuli ndogo za mtu mmoja zina hatua hizohizo lakini kwa haraka: anza kuzitazama dakika 25, na tofauti kati ya tayari na iliyopita inaweza kuwa dakika 5 tu. Zitoe moja moja. Zile zilizo karibu na ukuta wa nyuma wa oveni mara nyingi hutangulia.

Haishikani hata ukingoje vipi

Imekaa saa moja na robo, moto uko sawa, maji yako sawa, lakini bado ni wimbi tupu. Pima mayai. Mayai 4 ya gredi, yakishavunjwa, hupata karibu gramu 200, na ukiyavunja kwenye jagi la kupimia utaona yanakaribia mililita 200. Mayai ya kienyeji ni madogo, na 4 yake yanaweza kukosa robo ya kiasi hicho. Rangi ya kiini chake ni nzuri mno na ladha ni nzito, kwa hiyo yatumie kwa moyo wote, bali ongeza la 5. Maziwa yaliyopunguzwa maji nayo hutoa pudini legelege. Sukari ukizidisha sana hupandisha kiwango cha kushikana, ndiyo maana siendi juu ya gramu 100 kwa nusu lita.

Kama mayai yametosha, tazama maziwa yaliingia yakiwa na joto gani. Ya friji moja kwa moja huongeza dakika 15 au zaidi. Yapashe hadi kidole kinavumilia kwa shida, kisha uyamimine polepole juu ya mayai huku unakoroga.

Ngozi ngumu juu

Oveni ya stima yenye waya wa moto juu huichoma. Zima waya wa juu ikiwa kitufe kinaruhusu, shusha rafu ngazi moja, au funika tini kwa foili bila kuikaza. Ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu haina ubaya, maana itakuwa chini ukiipindua.

Karameli chungu, au imeng'ang'ania kwenye tini

Sukari yetu ya kawaida ina rangi tangu mwanzo, kwa hiyo ukisubiri iwe hudhurungi utadhani imeiva kabla haijaiva, na ukisubiri sana itaungua. Fuata harufu na moshi. Ikitoa harufu nzito ya tamu na uzi wa kwanza wa moshi, imefika. Iondoe motoni na uimimine kwenye tini hapohapo, kwani sufuria yenyewe itaendelea kuipika. Kwa sukari nyeupe ni rahisi zaidi, na anayeanza ningemwambia anunue hiyo.

Karameli inayobaki kama kioo kwenye kitako imekosa muda. Inayeyushwa na unyevu wa pudini, taratibu, kwenye friji. Saa 4 ni chache, usiku mzima ndio hufanya mchuzi. Ukiwa tayari kupindua, pitisha kisu chembamba ukutani mara moja, ukalishe tini kwenye maji ya moto nusu dakika, funika kwa sahani yenye ukingo ili mchuzi usimwagike, kisha upindue kwa mkono usiosita.

Stima ikipotea katikati

Usifungue mlango. Maji ya moto yanashika joto muda mrefu, na pudini ya kina kidogo iliyokwisha kuoka dakika 30 inaweza kumalizia yenyewe humo humo. Baada ya dakika 20 fungua na uitikise. Ikiwa tayari, toa. Ikiwa bado na stima haijarudi, na jiko lako lina gesi juu, hamishia sufuria yenyewe, maji na yote, kwenye moto mdogo kabisa. Funika sufuria kwa kifuniko kilichofungwa kitambaa ili matone ya mvuke yasidondokee pudini, ukiacha upenyo mdogo. Maji yasichemke, yawe yanatoa mvuke tu. Itikise kila dakika 5.

Ikiwa stima imepotea mwanzoni kabisa, mchanganyiko ukiwa vuguvugu tu, na huna moto mwingine, funika tini na uirudishe kwenye friji, uoke baadaye na kuongeza dakika za kupasha. Mchanganyiko mbichi uliokaa vuguvugu zaidi ya saa 2 mwage. Mayai na maziwa katika joto hilo huzalisha vijidudu ambavyo hutaviona kwa macho wala kuvisikia kwa harufu.